Trimestri ikiwa mbaya: namna ya kuandika rapori ambayo memba ataielewa

Kila nyuma ya miezi mitatu komite inafunga vitabu, inahesabu makuta, halafu inaandika maelezo chini ya hesabu. Maelezo hayo ndiyo memba anasikiliza kwenye mkutano, maana namba peke yake hazisemi juu ya nini mambo yamekuwa vile. Wakati trimestri ni nzuri, maelezo yanakuwa mafupi. Wakati ni mbaya, yanakuwa marefu: ukame unaingia, barabara inaingia, mikutano ya komite inaingia, viti vipya vinaingia, na mwisho mtu anatoka bila kujua kama koperative ilipata ao ilipoteza.

Tunaandika hapa juu ya jambo hilo moja: namna ya kuchukua maelezo yaliyojaa vitu na kuyafanya habari moja iliyonyooka, inayoeleza matokeo mabaya bila kuyafunika na bila kuyaongeza. Memba anayesikia rapori mwezi wa saba ndiye atakayeamua mwezi wa nne unaokuja kama mifuko yake itaenda depo ya koperative ao kwa mchuuzi aliyesimamisha kamio kando ya shamba. Akiona alifichwa kitu, harudi.

Tutatumia mfano mmoja. Koperative hii si ya mtu yeyote, tumeitunga sisi wenyewe ili hesabu ziwe nyepesi. Lakini kila kitu kilichomo ndani yake kinafanana na vile mahindi yanavyotembea huku kwetu, kutoka shamba mpaka kwenye mashini za kusaga za Lubumbashi.

Rapori yenyewe, vile iliandikwa

Sekretere wa koperative yetu ya mfano aliandika hivi kwa miezi ya Aprili, Mei na Juni:

«Katika trimestri hii ya pili, koperative yetu imefanya kazi kubwa sana ndani ya mazingira magumu. Mauzo yamepanda karibu mara sita kuliko trimestri ya kwanza, yamefika dola 52,500. Bei yetu ya kuuzisha imepanda kutoka dola 300 mpaka 350 kwa tani. Komite ilifanya mikutano saba, ilipokea wageni wa mradi, ilinunua viti 20, na prezida alienda Kipushi mara mbili kwa ajili ya karatasi. Gharama zimepungua. Juu ya ukame wa Zambia, mvua, hali ya barabara, wadudu na uzito kupungua ndani ya depo, hatukufika pale tulipotaka. Pamoja na hayo yote, tunamaliza na ziada ya dola 1,000. Tunashukuru bamemba wote kwa moyo wao.»

Soma tena polepole. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Mauzo kweli ni 52,500, bei kweli ilipanda, viti viko 20. Lakini memba akimaliza kusikiliza anafikiri trimestri ilikuwa nzuri kidogo, na hiyo si kweli. Ndiyo maana inafaa tuangalie namba zilizo nyuma ya maneno.

Kwanza: linganisha miezi ileile

«Mara sita kuliko trimestri ya kwanza.» Kila mkulima wa Katanga anajua sababu yake. Mvua inaanza karibu Novemba, tunapanda, na kuvuna kunaanza Aprili. Kati ya Januari na Machi depo iko karibu tupu, hakuna cha kuuzisha. Kwa hiyo Aprili mpaka Juni itashinda Januari mpaka Machi kila mwaka, hata mwaka wa njaa. Kulinganisha hivyo ni kama kusema kuku wa leo ni mkubwa kuliko yai la jana.

Mahindi yanalinganishwa na mahindi ya miezi ileile ya mwaka uliopita. Tufungue kitabu:

Mwaka uliopita, Aprili mpaka Juni, koperative ilinunua kwa bamemba tani 205 kwa dola 240 kila tani. Iliuzisha tani 200 kwa dola 300. Gharama (kamio, mifuko, mlinzi, kodi ya depo) zilikuwa dola 6,800. Ukihesabu, ilibaki ziada ya dola 4,000.

Mwaka huu, miezi ileile, ilinunua tani 160 kwa dola 300 kila tani. Iliuzisha tani 150 kwa dola 350. Gharama zilikuwa dola 6,500.

Sasa tuhesabu ya mwaka huu pamoja. Tani 150 mara 350 ni dola 52,500. Tani 160 mara 300 ni dola 48,000 zilizolipwa kwa bamemba. Inabaki 4,500. Toa gharama 6,500. Ni hasara ya dola 2,000.

Pili: toa zawadi ndani ya biashara

Basi ile ziada ya dola 1,000 ilitoka wapi? Mradi mmoja ulileta dola 3,000 za kujenga uwanja wa sima wa kuanikia mahindi. Sekretere aliziandika pamoja na mauzo: hasara ya 2,000, ongeza 3,000, inakuwa ziada ya 1,000.

Makuta yale yako ndani ya kese kweli, lakini kazi yake ni sima na mchanga, si kulipa hasara ya mahindi. Kanuni za hesabu za OHADA, ambazo Kongo inazifuata, zinatenganisha msaada wa kuendesha kazi ya kila siku na msaada wa kujenga kitu cha kudumu. Huu wa pili hauingii wote mara moja ndani ya mapato. Hata bila sheria, memba anaelewa jambo hili vizuri: mjomba akikupa makuta ya bati la nyumba, huwezi kusema duka lako limepata faida.

Katika rapori, weka mstari wa biashara peke yake na mstari wa msaada peke yake. Ukivichanganya mara moja, mwaka ambao msaada hautakuja bamemba watashangaa kuona koperative «imeanguka», kumbe ilikuwa imeanguka tangu zamani.

Tatu: kila sababu ipewe namba yake

Mwaka uliopita ziada 4,000, mwaka huu hasara 2,000. Tofauti ni dola 6,000. Hii ndiyo namba ambayo maelezo yote inafaa yaieleze, na hapa ndipo rapori nyingi zinaharibika. Sekretere aliorodhesha sababu tano ndani ya sentensi moja, zote sawa, kama vile kila moja ilikula sehemu ileile. Lakini ile 6,000 inaweza kugawanywa, na hesabu yake si ngumu.

Mahindi kidogo. Mwaka huu tuliuzisha tani 50 chini ya mwaka uliopita. Mwaka uliopita, kati ya bei ya kununua na bei ya kuuzisha kulikuwa na dola 60 kwa tani. Tani 50 mara 60 ni dola 3,000 ambazo hazikuingia.

Nafasi ya bei imebana. Tuliuzisha kwa 350, ni kweli bei ilipanda dola 50. Lakini kwa bamemba tulinunua kwa 300, yaani bei ya kununua ilipanda dola 60. Nafasi ikatoka 60 ikabaki 50. Dola 10 mara tani 150 ni dola 1,500.

Uzito uliopotea. Mwaka uliopita tani 5 zilipotea kati ya kununua na kuuzisha, kwa 240 ni dola 1,200. Mwaka huu zilipotea tani 10, kwa 300 ni dola 3,000. Ongezeko ni dola 1,800.

Gharama. Zilipungua dola 300. Hii inarudisha kidogo.

Jumlisha: 3,000 na 1,500 na 1,800 ni 6,300. Toa 300. Ni 6,000 kamili. Ikiwa hesabu yako haifungi namna hii, ujue kuna kitu hukukiona bado, na usianze kuandika maneno mbele ya kukipata.

Angalia sasa ile sentensi «gharama zimepungua». Ni kweli, lakini ni dola 300 mbele ya shimo la 6,000. Habari nzuri inaandikwa, ila inaandikwa kwa kipimo chake. Na tena gharama zilipungua kwa sehemu kubwa juu ya mahindi kuwa machache: kamio ilifanya safari chache. Kwa kila tani iliyouzishwa, gharama zilitoka dola 34 zikapanda mpaka dola 43. Hilo nalo linasemwa.

Nne: uliza kama sababu inasukuma upande huo

Tumejua kiasi. Sasa juu ya nini? Hapa kuna mtihani mdogo unaosaidia sana: chukua kila sababu iliyoandikwa na uulize, je, kitu hiki kingesukuma namba upande ambao namba ilienda?

Chukua ukame wa Zambia. Unajulikana, si wa kutunga: mwisho wa Februari 2024 serikali ya Zambia ilitangaza kwamba ukame ni msiba wa taifa, na Lubumbashi, ambayo siku zote inangojea mahindi na bunga kupitia Kasumbalesa, iliguswa. Lakini kwa koperative inayouzisha mahindi hapa, mahindi ya Zambia yakipungua, bei inapanda. Kwa mwenye kununua bunga ni shida, kwa mwenye kuuzisha ni bahati. Kwa hiyo ukame wa jirani hauwezi kueleza moja kwa moja hasara ya muuzaji. Unaweza kueleza juu ya nini wachuuzi walikuja mapema shambani na kupandisha bei ya kununua, lakini basi andika hivyo, kwa urefu wake.

Chukua mvua. Sekretere anasema mahindi yalipungua juu ya mvua. Fungua kitabu cha kupokea mifuko na uhesabu watu, usihesabu tani peke yake. Katika mfano wetu, mwaka uliopita bamemba 80 walileta tani 205: ni tani mbili na nusu hivi kwa kila mmoja. Mwaka huu bamemba 62 walileta tani 160: nayo ni tani mbili na nusu hivi kwa kila mmoja. Waliokuja walileta sawasawa na zamani. Ila watu 18 hawakuja kabisa. Ikiwa mvua ingekuwa sababu kubwa, tungeona kila mtu analeta kidogo. Hapa inaonekana zaidi kwamba watu waliuzisha pengine.

Inaonekana, hatujasema ni hakika. Labda mashamba ya wale 18 yote yako upande mmoja ulioungua. Kitabu hakiwezi kusema, inafaa kwenda kuwauliza. Tuseme komite ilipata 11 kati yao: 8 walisema waliuzisha kwa mchuuzi juu analipa palepale, na koperative ilikuwa inalipa nyuma ya wiki tatu, 3 walisema hawakuvuna kitu. Wengine 7 hawajaonekana. Hiyo yote inaweza kuandikwa kwa mistari miwili, na ina thamani kuliko ukurasa mzima juu ya «mazingira magumu».

Chukua mwishoni wadudu na uzito. Hapa sisi waagronomu tunasimama kidogo, maana ni mahali ambapo koperative nyingi zinalaumu panya, fukuzi ao wezi, wakati mwizi mkubwa ni maji.

Mahindi yaliyokomaa vizuri lakini hayajakauka yanaweza kuwa na unyevu wa 18 kwa mia. Ya kuweka depo bila kuota ukungu inafaa yashuke mpaka karibu 13. Maji yakitoka, uzito unatoka nayo. Hesabu yake ni hii:

```
uzito wa mwisho = uzito wa kwanza × (100 − unyevu wa kwanza) ÷ (100 − unyevu wa mwisho)
```

Kwa tani 160 zilizoingia na unyevu wa 18 na kukaushwa mpaka 13: 160 mara 82, gawanya kwa 87, inatoa karibu tani 150.8. Yaani kati ya tani 10 zilizopotea, tani 9 na zaidi ni maji yaliyopanda hewani. Kwa wadudu, panya na mahindi yaliyomwagika inabaki chini ya tani moja. Mwaka uliopita mahindi yaliingia na unyevu wa karibu 15. Piga hesabu ileile kwa tani 205 na utapata karibu tani 200. Inafungana.

Kumbe sababu ya zile dola 1,800 haiko ndani ya depo, iko mlangoni. Mwaka huu bamemba walikuwa na haraka ya makuta, wakaleta mahindi mabichi zaidi, na koperative ikalipa maji kwa bei ya mahindi. Tani moja yenye unyevu wa 18, ukitaka kulipa mahindi tu bila kulipa maji ya ziada, bei yake isingekuwa 300, ingekuwa karibu 283. Hili si jambo la mbingu wala la Zambia. Ni jambo la komite, na rapori ya haki inalisema hivyo.

Mwenye kipimo cha unyevu akitumie kwa kila mufuko unaoingia. Asiye nacho anaweza kutumia chumvi: weka chumvi iliyokaushwa vizuri ndani ya chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi mpaka sehemu ya tatu ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yamepita unyevu wa 15 hivi. Isiposhika, yako chini ya hapo. Chumvi haikupi namba ya kupigia bei, inakuambia tu yapokelewe ao yarudi kuanikwa.

Makampuni makubwa nayo yanaulizwa

Mtu asifikiri kwamba kazi hii ni ya koperative ndogo peke yake. Makampuni ya migodi yanayouzisha hisa zao kwenye soko la Toronto, kule Kanada, yanalazimika kila trimestri kuandika maelezo chini ya hesabu, na kanuni za Kanada zinasema wazi kwamba maelezo hayo yawe na usawa: habari mbaya isemwe wazi kama habari nzuri.

Kati ya makampuni hayo ilikuwa Katanga Mining, iliyofanya kazi ya shaba na kobalti Kolwezi kupitia Kamoto Copper Company. Mwaka 2017 ilitangaza kwamba inafaa irekebishe hesabu zake za miaka iliyopita. Shaba iliyosemwa kwamba imetoka, na akiba iliyosemwa kwamba iko, ilikuwa imeandikwa zaidi ya ile ya kweli. Desemba 2018 kampuni ilipatana na tume ya soko la hisa ya jimbo la Ontario na kukubali kulipa karibu dola milioni 30 za Kanada, na wakubwa kadhaa wa kampuni nao walilipa.

Tunalitaja kwa sababu moja. Tazama mahali tatizo lilikaa: kwenye tani. Kiasi kilichotoka, kiasi kilicho kwenye ghala. Ni palepale ambapo koperative ya mahindi inakosea, kati ya tani zilizoingia na tani zilizotoka. Ikiwa tani za kitabu na tani za depo hazifanani, maneno yote yanayojengwa juu yake yataanguka siku moja. Kwa hiyo siku ya mwisho ya trimestri, mbele ya kuandika, watu wawili ambao si wa komite waingie depo, wahesabu mifuko, wapime michache kwenye mizani, na waandike majina yao chini.

Rapori ileile, imeandikwa upya

Sasa sekretere wetu ana vitu vyote. Anaandika hivi:

«Kuanzia Aprili mpaka Juni, biashara ya mahindi ilitupa hasara ya dola 2,000. Mwaka uliopita, miezi ileile, tulipata ziada ya dola 4,000. Tumeshuka kwa dola 6,000.

Nusu ya kushuka huko, dola 3,000, ni juu tuliuzisha tani 150 pahali pa 200. Waliotuletea mahindi walileta kiasi cha zamani, lakini bamemba 18 hawakuleta. Tumeongea na 11: 8 waliuzisha kwa wachuuzi juu tunachelewa kulipa, 3 hawakuvuna. Wengine 7 hatujawapata bado.

Dola 1,800 zilipotea juu tulinunua mahindi mabichi kwa bei ya mahindi makavu. Tani 160 ziliingia, 150 zikatoka. Karibu zote zilizopotea ni maji. Komite ndiyo ilipokea bila kupima.

Dola 1,500 ni juu ya bei. Wenye mashini walituongezea dola 50 kwa tani, sisi tuliongezea bamemba dola 60 ili tusipoteze wengine zaidi. Kwa memba huu ni upande mzuri: aliyeleta tani moja alipata dola 300, mwaka uliopita alipata 240.

Gharama zilishuka kwa dola 300, lakini kwa kila tani zilipanda kutoka 34 mpaka 43.

Mradi ulitupa dola 3,000 za uwanja wa kuanikia. Hazimo ndani ya hesabu ya juu. Tarehe 30 Juni kese ilikuwa na dola 4,200. Ukitoa hizo 3,000, zetu za kutumia ni 1,200. Mwisho wa Septemba inafaa tulipe deni la mifuko la dola 1,500. Leo zinakosekana dola 300.

Kuanzia Julai hakuna mufuko unaoingia bila kupimwa unyevu, na bei itafuata unyevu. Juu ya kulipa haraka, komite haina bado makuta ya kulipa palepale; inaomba mkutano uamue kama tulipe nusu siku ya kupokea na nusu nyuma ya kuuzisha.»

Rapori hii mpya imepita ya kwanza kwa urefu, lakini memba anaweza kuikumbuka akirudi nyumbani: tumepoteza 2,000, watu 18 hawakuja, tulilipa maji, na Septemba kuna deni. Viti, mikutano saba na safari za Kipushi vimetoka. Havikuwa siri, vinaweza kukaa kwenye rapori ya shughuli. Ila havielezi hata dola moja ya ile 6,000, kwa hiyo hapa si pahali pake.

Angalia pia kwamba sekretere hakujipiga kifua kwa huzuni. Kuna komite zinazofikiri ukweli maana yake ni kulia: «tumeshindwa, tusameheni.» Hiyo nayo inaficha, maana inafunika ile habari kwamba memba alipata dola 60 zaidi kwa tani. Katika koperative, bei aliyolipwa memba ni sehemu ya matokeo. Kampuni ya mtu mmoja ikilipa mahindi ghali inahesabu hasara tu. Koperative ikilipa ghali, sehemu ya hasara yake iko mfukoni mwa wenye koperative. Lakini haiwezi kuendelea hivyo miaka miwili, maana kese itakauka. Vyote viwili vinasemwa pamoja.

Kuna mpaka wa hesabu hii pia. Ule mgawanyo wa 3,000, 1,800 na 1,500 unasema kiasi gani kilitoka wapi, hausemi kwamba mambo haya hayagusani. Koperative ingelipa 283 kwa mahindi mabichi, labda watu wengine kumi wangeenda kwa mchuuzi asiyepima kitu. Kwa hiyo msiahidi kwamba mwaka unaokuja zile dola 1,800 zitarudi zote. Ahidini kitu mnachoweza kukishika, yaani kupima kila mufuko, halafu mhesabu tena.

Rapori ya Julai mpaka Septemba inafaa ianze na mistari minne mbele ya namba mpya: deni la mifuko lililipwa ao hapana; mifuko mingapi ilipimwa unyevu na mingapi ilirudishwa kuanikwa; wale 7 walisema nini; na uwanja wa sima umefika wapi na dola ngapi za zile 3,000 zimebaki.